Maji ya kuku mbichi yamechuruzikia mboga: zipi za kupika, zipi za kutupa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Jana usiku nilimtoa kuku kwenye friza nikamweka rafu ya juu ya friji ayeyuke, akiwa kwenye mfuko wake. Kumbe mfuko umetoboka. Leo nimekuta maji mekundu yametiririka hadi rafu ya chini na kuingia kwenye droo ya mboga. Humo mna letusi, spinachi, nyanya, karoti na matango. Rafu ya chini kulikuwa pia na bakuli la saladi lililofunikwa kwa plastiki, na kopo la supu lenye mfuniko wa kubana. Mama mkwe anasema nioshe vyote kwa siki na chumvi, vitafaa. Mume wangu anasema nitupe vyote. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kabla sijaona nilishamkatia mwanangu wa miaka 3 vipande vya tango, akala. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mboga zinaweza kusubiri kidogo, tuanze na mtoto.

Kula tango lililolowa maji ya kuku hakumaanishi kwamba lazima ataugua. Huenda lile alilokula halikuguswa, huenda ulilimenya, na huenda kuku mwenyewe hakubeba vijidudu vingi. Kwa hiyo usimtapishe, na usimpe dawa yoyote ya kujikinga, hasa antibiotiki zilizobaki kabatini. Antibiotiki asiyoihitaji huua bakteria wazuri wa tumboni, ambao ndio walinzi wake wa kwanza. Aendelee kula na kunywa kama kawaida. Kazi yako ni kumwangalia, na kumwangalia kwa muda unaotosha.

Hapo kwenye muda ndipo wazazi wengi hukosea. Humchunguza mtoto usiku ule, akiamka mzima wanaona yamekwisha. Salmonela huonyesha dalili kuanzia saa 6 hadi siku 6 baada ya kuliwa. Kampilobakta, ambayo ni bakteria wa kawaida sana kwenye kuku mbichi, huchukua zaidi siku 2 hadi 5, na mara chache hufika siku 10. Andika tarehe ya leo mahali unapoiona, uhesabu siku 10. Akianza kuharisha wiki ijayo, utakumbuka tango hili na utamweleza daktari. Taarifa hiyo itamsaidia kuamua kama choo kipelekwe maabara na kitafutwe nini.

Akiharisha, mpe chumvichumvi ya pakiti ya kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo na mara kwa mara, na usimnyime chakula. Dawa za kufunga tumbo usimpe. Mtoto wa umri huu hapewi bila daktari, na ugonjwa ukiwa wa kuharisha damu zinaweza kuongeza madhara. Ukiona damu kwenye choo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mpeleke vilevile akiwa na homa ya nyuzijoto 39 au zaidi, akitapika kila anachokunywa, akikaa muda mrefu bila kukojoa, akilia bila machozi, akilegea, au kuharisha kukipita siku 3. Na wakati wote huo anayembadilisha nguo au kumsafisha anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu vijidudu hivi huhama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtu mwingine kupitia choo.

Sasa turudi kwenye friji. Mama mkwe wako na mume wako kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na ukijua yale maji ni nini utaona mwenyewe nani yuko sahihi kwa kitu kipi.

Ule wekundu si damu. Kuku alishatolewa damu alipochinjwa. Nyama inapoganda, barafu hupasua chembe zake. Ikiyeyuka, maji yaliyokuwa ndani hutoka pamoja na protini iitwayo mayoglobini, na hiyo ndiyo inayotia rangi. Maji hayo hupita juu ya ngozi na ndani ya tumbo la kuku, yakizoa bakteria waliobaki tangu machinjioni. Friza haikuwaua. Kugandisha hupunguza baadhi yao, na wengi wa waliosalia huamka wazima barafu inapoyeyuka.

Ndani ya friji yenye nyuzijoto 4 au 5, salmonela kwa kawaida hazaliani, na kampilobakta hazaliani kabisa mpaka apate joto la nyuzi 30 na zaidi. Ndiyo maana wengine hudhani baridi imewakomboa. Lakini kutokuzaliana si kufa. Wanakaa hai kwenye unyevunyevu, hasa kampilobakta, ambaye adui yake mkubwa ni ukavu, na droo ya mboga imetengenezwa makusudi isikauke. Zaidi ya hapo, kampilobakta hahitaji kuzaliana kwenye chakula ili akuuguze. Mia chache tu zinatosha, na tone moja la maji ya kuku mbichi linaweza kubeba idadi hiyo. Kwa hiyo kusema "yameingia kidogo tu" hakutusaidii kuamua chochote.

Kinachotusaidia ni swali moja, ambalo utamuuliza kila mmoja wa walioko kwenye droo: kabla ya kuliwa, kitu hiki kitapita motoni mpaka kiive kote?

Nitakuonyesha kwa nini swali ni hilo na si "je, nimeosha vizuri?" Tuseme kwenye jani moja la letusi wametua bakteria 10,000. Kuosha kwa makini chini ya maji yanayotiririka hupunguza bakteria walio juu ya mboga kwa kiasi cha mara 10, na ukiwa na bahati mara 100. Ukihesabu, jani lililooshwa bado lina kati ya 100 na 1,000. Hiyo ni hatua nzuri kwa jani lililotoka shambani likiwa na vumbi na wadudu wachache, lakini haitoshi kwa jani lililomwagiwa maji ya kuku. Sasa lichukue jani hilohilo ulitie kwenye sufuria inayochemka. Kwenye nyuzijoto 74 salmonela na kampilobakta hufa karibu papo hapo, na mchuzi unaotokota uko juu sana ya hapo. Moto haupunguzi, unamaliza. Kuosha kunapunguza, na hakujawahi kufanya zaidi ya hapo.

Tuitoe droo yako kitu kimoja kimoja.

Letusi itupwe. Itaenda mezani mbichi, kwa hiyo hakuna moto mbele yake. Najua ushauri wa kubandua majani ya nje na kula ya ndani, na kwa letusi iliyochafuka udongo unafaa. Maji ya nyama ni jambo jingine. Hayasimami juu ya jani la kwanza. Huvutwa kati ya jani na jani na kushuka hadi kwenye kikonyo. Jani lenyewe lina vitundu vidogo mno vya kupumulia, na bakteria hujibanza humo na kwenye kingo zilizokatwa, mahali ambapo maji ya bomba hayawafikii. Usihangaike nayo.

Spinachi inaweza kuokolewa, kwa masharti. Kama hujapanga kuila mbichi, ipike leo. Isuuze taratibu kwenye beseni lake peke yake, usiiweke chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu, maana yale matone yanayoruka yatabeba uchafu hadi kwenye vyombo safi vilivyo kando ya sinki. Kisha iende moja kwa moja kwenye sufuria, ikatwe humo humo kwa mkasi ukiweza, ili usichafue ubao wa kukatia. Iache ichemke na kunywea yote, si majani ya chini tu. Spinachi ya kupitishwa kwenye mafuta sekunde chache ikabaki kijani kibichi nusu haitoshi leo. Ukiona ina utelezi, au imelowa tangu usiku hadi imeanza kulegea, basi itupe. Hapo unapigania kitu ambacho hata kikipikwa hakitakuwa kitamu.

Nyanya zitengwe kwa ajili ya kupika. Watu huzihurumia nyanya kwa sababu ngozi yake ni laini na haipitishi maji, na wanaona kwamba kuifuta kunatosha. Ngozi kweli ni kinga nzuri. Tatizo liko pale kikonyo kilipokuwa, kwenye kile kikovu. Pale hapana ngozi, na nyanya ina tabia ya kunyonya maji kupitia hapo inapokuwa na joto kuliko maji yaliyoigusa. Hewa ya ndani inaposinyaa kwa baridi, maji huvutwa kuingia. Kama uliziweka nyanya zikiwa na joto la chumba jana jioni na maji ya baridi ya kuku yakazikuta zikiwa bado zinapoa, sehemu yake inaweza kuwa imeshaingia ndani. Kwa sababu hiyo, nyanya hizi zisiliwe mbichi hata zikisuguliwa. Zisuuze kwa maji yenye uvuguvugu kidogo kuliko zenyewe, zikate sehemu ya kikonyo kwa upana, uzipike mpaka mchuzi utokote kwa dakika kadhaa. Nyanya yenye ufa au iliyobonyea usiiwekee masharti, itupe.

Karoti nazo ni za kupika. Hizi ndizo zenye kustahimili zaidi: ni ngumu, na zinamenywa. Zisugue kwa brashi chini ya maji madogo, zimenye, kisha zisuuze tena, kwa sababu kisu kinapopita juu ya ganda chafu hubeba uchafu huo hadi kwenye sehemu uliyoimenya sasa hivi. Osha kisu na mikono kabla ya kuzikatakata. Je, karoti iliyofanyiwa yote hayo inaweza kuliwa mbichi? Hatari yake itakuwa imepungua sana, nakubali. Lakini kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 3 mimi singeiruhusu, na nisingeiruhusu pia kwa mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa maradhi au dawa. Ipikwe.

Matango yaliyobaki yatupwe. Hayapikwi, na kumenya hakuleti usalama kwa sababu ileile ya kisu. Tango lina maji mengi na nyama laini, kwa hiyo kisu kilichochafuka hueneza uchafu kila kipande.

Saladi iliyofunikwa kwa plastiki itupwe kama plastiki ilikuwa na tone lolote juu yake. Hii huumiza, maana ndiyo iliyokugharimu kazi, na kwa macho inaonekana salama. Ila plastiki ile ya kutandaza hubonyea katikati na kutengeneza kidimbwi, na unapoibandua upande mmoja, kidimbwi humwagikia upande wa pili, ndani ya bakuli. Pia hushika ukingo wa bakuli kwa kukunjamana, na maji hupenya kwenye mikunjo. Kama bakuli lilikuwa upande wa mbali na plastiki ni kavu kabisa ukiipangusa kwa karatasi nyeupe, basi saladi haijaguswa na inaliwa.

Supu kwenye kopo la kubana ni salama, mradi usilifungue bado. Lioshe nje kwa maji ya moto na sabuni, hasa mfereji unaozunguka mfuniko, likaushe, ndipo ufungue. Ukilifungua kwanza, kilichokaa kwenye mfereji kitaingia ndani. Baada ya kufungua, ichemshe supu yote itokote kabla ya kuila, jambo ambalo ungelifanya hata bila ajali hii.

Kuku mwenyewe hana tatizo. Kutoa maji hakumharibu, na kama friji yako inashika nyuzijoto 5 au chini, ameyeyukia mahali sahihi. Mpike leo au kesho. Usimwoshe, maji ya bomba yakigonga ngozi yake yatarusha matone kuzunguka sinki, na tutakuwa tumeanza upya yale tunayoyasafisha.

Siki na chumvi: namwelewa mama mkwe wako, na mwambie kwa heshima kwamba siki kweli hupunguza bakteria kuliko maji matupu. Lakini siki ya jikoni ina asidi kiasi cha asilimia 5 hivi, na ikishachanganywa na maji ya kuoshea inabaki dhaifu. Haifiki kwenye mikunjo ya jani wala kwenye kikovu cha nyanya. Inatupunguzia, haitumalizii, kwa hiyo inaingia kundi moja na kuosha. Chumvi kwa kiasi tunachotia kwenye beseni haifanyi kazi hiyo kabisa. Sabuni ya vyombo usiitumie kwenye mboga. Mboga huifyonza, na sabuni tumboni huleta kuharisha kwake yenyewe. Klorini ya kufulia nguo, ambayo nitaitaja hapa chini, ni ya rafu na droo tu. Na kuzigandisha mboga hizo ili "vijidudu vife" umeshaona kwa kuku kwamba hakufanyi kazi. Kunusa pia kusikuhakikishie. Salmonela na kampilobakta hawabadilishi harufu, rangi wala ladha. Bakteria wanaonuka ni wale wa kuozesha, na hao mara nyingi si wanaouguza.

Kusafisha friji kuna mpangilio wake, na mpangilio ukivurugika unaweza kusafisha rafu ukachafua mikono ya milango. Kwanza kuku atoke, akae kwenye chombo kirefu. Halafu toa kila kilicho chini ya njia ya maji, kiwe kimelowa au hakijalowa, ukipange mahali pamoja. Sasa chukua karatasi nyeupe za kupangusia, ufuate njia yenyewe kuanzia juu kwenda chini. Maji ya nyama hayadondoki wima kama unavyodhani. Hutambaa chini ya rafu, hufuata ukingo wa mbele, hushuka kwenye ukuta wa nyuma, na yakikauka huacha utando mwembamba unaonata usioonekana kwenye mwanga wa friji. Karatasi itakuonyesha waridi hafifu. Angalia hasa reli za droo, upande wa chini wa rafu, mikunjo ya mpira wa mlango, na kile kitundu kidogo cha kupitishia maji kilicho nyuma. Mahali hapa pa mwisho nimekuta pamesahaulika karibu kila friji niliyoitwa kuitazama, na ndipo harufu huanza siku chache baadaye.

Toa rafu za kioo na droo, uziache zipate joto la chumba kabla ya kuzimwagia maji ya moto, la sivyo kioo kinaweza kupasuka. Osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni, suuza. Ndipo uje na klorini: kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, kwenye lita 4 za maji baridi. Iwe klorini ya maji isiyo na manukato, ile wengi wanayoiita jiki. Pangusa mpaka sehemu yote ilowe, iache ikiwa na unyevu dakika chache, kisha ikauke yenyewe kwa hewa. Usianze na klorini kabla ya sabuni. Klorini hupoteza nguvu inapokutana na mafuta na protini za nyama. Itajichosha kwenye uchafu na bakteria watasalimika chini yake. Na kwa kuwa siki imeshatajwa nyumbani kwenu leo, tafadhali isikaribie klorini. Vikichanganyika hutoa gesi inayounguza mapafu. Fungua madirisha, na mtoto awe chumba kingine.

Karatasi zote ziende kwenye taka. Ukitumia kitambaa, kifue kwa maji ya moto peke yake. Sifongo usiitumie kabisa kwa kazi hii. Ina vijishimo vinavyohifadhi kile ulichopangusa, na kesho itakipeleka kwenye sahani. Maliza kwa mpini wa friji, bomba la sinki, na swichi ya taa kama uliigusa, halafu mikono yako kwa sabuni sekunde 20.

Kuhusu zile mboga nyingine za kwenye droo ambazo huna hakika kama zilifikiwa: ndani ya droo moja, maji hukusanyika chini na mboga hugusana. Ukikuta unyevu mwekundu chini ya droo, hesabu vyote vilivyomo kuwa vimeguswa. Hapo sibahatishi na sikushauri ubahatishe, kwa sababu kitu pekee unachoweza kukosa ni matango machache. Lakini kama droo yako ya pili ni kavu ukiipangusa kila pembe, vilivyomo havina kosa, na kuvitupa ni hasara isiyo na maana. Hapo ndipo ninapoachana na mume wako.

Swali lako lilihusu kuku, ila niongeze neno kwa siku maji yatakapokuwa ya nyama ya ng'ombe, hasa ya kusaga. Ng'ombe anaweza kubeba aina ya bakteria iitwayo E. koli O157, ambayo makumi tu yake yanatosha kuuguza, na kwa watoto walio chini ya miaka 5 inaweza kufikia kuharibu figo. Hukumu ya mboga inabaki ileile, lakini kwa karoti ya kuliwa mbichi ningekuwa mkali zaidi hata kwa mtu mzima.

Mwisho, pale pa kumweka kuku safari nyingine. Utasikia ushauri kwamba nyama ikae rafu ya chini kabisa, nao ni sahihi kwa friji zenye rafu tu. Friji nyingi za nyumbani, kama yako, zina droo ya mboga chini ya rafu hiyo ya mwisho. Ukimweka kuku kwenye "rafu ya chini" unakuwa umemweka juu ya letusi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuigeuza droo moja iwe ya nyama mbichi peke yake, mboga zihamie rafu ya juu kwenye vyombo vyenye mifuniko. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haitegemei mfuko wala kumbukumbu ya mtu. Ya pili, kama huna droo ya kutoa, ni kumweka kuku kwenye trei yenye kuta za sentimita 5 hivi, ambayo mwili wake wote unaingia bila mguu kuning'inia nje. Sahani bapa haifai. Kuku akiyeyuka usiku kucha hutoa maji mengi kuliko sahani inavyoweza kushika. Mfuko aliokuja nao uhesabu kuwa umetoboka hata kama huoni tundu, kwa kuwa mfupa uliogandishwa hutoboa plastiki kirahisi. Na mtoe friza mapema: kwa ndani ya friji, kuku wa kilo 2 hadi 2.5 huhitaji karibu saa 24 kuyeyuka, wengine zaidi.